Mikisa iligeuka wakati breka imezimwa na lebo ipo. Nisaidieni hotuba ya Jumatatu

#1 Zege_Kavu
Wakuu habari. Mimi ni afisa usalama kwenye saiti ya ghorofa sita. Kila Jumatatu saa moja kasorobo asubuhi tunasimama mbele ya stoo na kuongea dakika kumi kabla watu hawajachukua vifaa. Jumatatu hii mada ni kuzima mashine na kuifunga kwa kufuli kabla ya mtu kuitengeneza au kuisafisha. Ofisi imenipa karatasi ya usalama ya Kiingereza kutoka Marekani, kurasa mbili, niigeuze iwe hotuba. Nilipojaribu ikatoka hivi:

"Kabla ya matengenezo, nishati zote hatarishi zitenganishwe, na vifaa vya kutenganishia vifungwe na kuwekewa lebo na mfanyakazi aliyeidhinishwa."

Nikamsomea kibarua mmoja. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nazungumzia mkaa.

Kuna jambo jingine linaloninyima usingizi. Wiki tatu zilizopita kijana wetu alikuwa ndani ya ngoma ya mikisa, ile ya lita 750 inayolala juu ya rola nne, anachonga zege iliyoganda kwa nyundo na patasi. Breka ya kwenye boksi la mikisa ilikuwa imeshushwa. Lebo ya katoni iliyoandikwa USIWASHE ilikuwepo, imefungwa kwa waya wa nondo. Akatoka kunywa maji. Hajafika hata kwenye ndoo ya maji, ngoma ikageuka robo duara, ikasimama.

Niliwahoji walioona, kila mmoja peke yake. Mwendeshaji anasema hakugusa kitu. Fundi umeme alikuwa kwenye jenereta kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Mmoja alisikia "tak!" kwenye boksi. Mwingine anasema hakusikia kitu, ila aliona ngoma ikigeuka kisha ikarudi nyuma kidogo.

Kitu gani kiliigeuza? Na Jumatatu niseme nini, kwa maneno gani?

#2 WakiliMtarajiwa
Mkuu, neno la Kiingereza kwenye karatasi yako, "lockout", kisheria ni mwajiri kuwafungia wafanyakazi nje wakati wa mgogoro. Lipo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, sambamba na mgomo. Kuwa makini usije ukawatangazia watu asubuhi kwamba saiti inafungwa. Kwanza kuna mgogoro gani hapo? Mishahara?

#3 FundiPaneli
#2, neno ni hilo hilo, lakini hapa kinachofungwa ni mashine, watu wanabaki ndani ya geti. Ila umetusaidia: ndiyo maana nasema neno la Kiingereza lisitamkwe kabisa kwenye hotuba. Sema "kufunga kwa kufuli", kila mtu anajua kufuli.

Zege_Kavu, kabla sijasema lolote nahitaji majibu. Ile breka iliyoshushwa inakata njia zote tatu za mota, au inakata zile nyaya nyembamba za vitufe tu? Jenereta na umeme wa laini vinabadilishwa kwa swichi ya aina gani? Na taa ya boksi ilikuwa inawaka?

#4 Babu_wa_Greda
Mnatafuta umeme wakati jibu limo ndani ya ngoma. Kijana alikuwa anachonga upande mmoja. Zege iliyoganda ina uzito wa tani mbili na ushee kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo hata ganda la unene wa kiganja upande mmoja ni mzigo mkubwa. Alipokuwa ndani, uzito wake ulishikilia ngoma. Alipotoka, upande mzito ukatafuta chini. Ndiyo maana iligeuka robo tu, na ndiyo maana ilirudi nyuma kidogo, kama bembea. Mota haifanyi hivyo. Mota ikipata umeme inaondoka na ngoma, haiombi ruhusa ya kurudi.

Nimekaa na mashine tangu miaka ya themanini. Kitu kilichoinuliwa au kilichoelemea upande kina nguvu yake, hata ukang'oa nguzo ya umeme.

#5 Mjengo_Kisauni
Salamu kutoka Mombasa. Babu ameongea, lakini mimi naona ni stima iliyorudi. Kwetu mjengoni msumeno wa meza uliachwa swichi yake ikiwa juu stima ilipopotea. Fundi akaweka mkono kutoa kipande cha mbao kilichokwama. Stima ikarudi. Vidole viwili. Yeye mwenyewe alikuwa amesahau kama swichi iko juu, maana mashine iliyonyamaza inafanana na mashine iliyozimwa.

Mwandikie kwenye hotuba: stima ikipotea, mtu wa kwanza kufanya kazi ni yule anayezunguka kuzima swichi zote.

#6 Zege_Kavu
Asanteni. Majibu ya #3: boksi lina breka mbili, kubwa na ndogo. Iliyoshushwa na kufungwa lebo ni ndogo. Kubwa iko ndani ya mlango wa boksi na hakuna aliyeifungua siku hiyo. Jenereta na laini vinabadilishwa kwa wenzo wa mkono kwenye kibanda cha jenereta, mita arobaini hivi kutoka kwenye mikisa. Taa ya boksi wanabishana. Mwendeshaji anasema ilikuwa imezima, kijana aliyekuwa ndani anasema aliona wekundu.

#7 FundiPaneli
Hapo sasa tunaongea.

Breka ndogo karibu kila mara ni ya vitufe. Ukiishusha, ukibonyeza kijani hakuna kitu, na wote mnaamini mashine imekufa. Lakini umeme mkubwa bado umesimama kwenye mdomo wa kontakta, ile swichi kubwa ya mota inayovutwa na umeme wa vitufe, karibu volti 400 kati ya fezi na fezi. Kinachomtenganisha kijana na mota ni vipande vidogo vya shaba ndani ya kontakta, vilivyoshikiliwa na springi. Kontakta ikila vumbi la simenti inaweza kunasa. Mtu akiisukuma kwa bisibisi kujaribu, mota inaondoka, na breka ndogo haina habari.

Namrekebisha kidogo ndugu wa #5. Msumeno wake ulikuwa na swichi ya kupindua, ndiyo maana uliwaka wenyewe. Mikisa yenye kitufe cha kijani na kontakta haifanyi hivyo: umeme ukikatika kontakta inaachia, na ukirudi inasubiri kidole. Isipokuwa kama kuna mtu ameshaiunganisha kienyeji. Kwa hiyo hofu yake ni ya kweli kwa msumeno, pampu na konveya, ila kwa mikisa hii sina uhakika.

Hoja yangu ni kwamba lebo ilikuwa mahali pasipostahili. Kwanini ngoma iligeuka ni swali la pili. Hata isingegeuka, kijana alikuwa ndani ya mashine yenye umeme.

#8 Sohar_Mtanga
Niko Oman, kiwandani. Huku kila mtu ana kufuli lake jekundu lenye jina na picha, na ufunguo ni mmoja tu duniani. Tukiwa watu sita kwenye kazi moja, kuna kile chuma cha kubana chenye matundu sita, kila mmoja anapachika kufuli lake. Watano wakimaliza wakaondoa, mashine bado haiwaki mpaka wa sita atoke. Sijawahi kuona lebo peke yake ikikubaliwa.

Na karatasi yako ya Marekani inasema hivyo hivyo, kifungu 1910.147. OSHA, wakala wa usalama kazini wa huko, inalazimisha kufuli kwenye saiti zote. Waambie hivyo, wataogopa.

#9 Binti_Nondo
Kaka wa Oman, hapo kuna mambo mawili yamechanganyika, na Zege_Kavu akiyasema mbele ya watu wanaojua ataumbuka.

La kwanza, OSHA ya Marekani na OSHA yetu Tanzania zinafanana kifupi cha jina tu. Ya kwetu inasimamia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Sheria ya Marekani haimbani mkandarasi wa hapa, labda mkataba wake useme hivyo. Tunachukua maarifa yake, basi.

La pili, 1910.147 ni ya viwanda, na yenyewe inasema haigusi ujenzi. Kati ya zile za ujenzi ipo 1926.417, fupi sana, nayo imeandikwa kwa ajili ya saketi za umeme. Zege_Kavu, angalia juu ya karatasi yako imeandikwa ipi.

#10 Zege_Kavu
Nimeangalia. 1926.417. Dada umeniokoa, nilishaandika ile nyingine kwenye rasimu.

Kuna sentensi moja humo nilikuwa nimeiruka kwa sababu niliona ni ya kisheria mno: lebo ziwekwe kwenye kila sehemu ambako mashine inaweza kupata umeme. Kila sehemu. Nikafikiria kile kibanda cha jenereta. Sisi tuliweka lebo moja.

#11 FundiPaneli
Sentensi hiyo ndiyo roho ya karatasi nzima. Usiitafsiri, waoneshe. Wapeleke watu kwenye mikisa, uwaulize: umeme unaweza kufika hapa kutokea wapi? Watataja laini. Uliza tena. Mmoja atasema jenereta. Uliza mara ya tatu ukimwangalia mtu wa pampu ya maji.

#12 Kibarua_Mstaafu
Mimi sikusoma sana lakini naomba niseme yangu. Nilikuwa mtu wa mikisa. Siku moja ndoo ya kupandishia kokoto ilikuwa juu, nikaingia chini yake na koleo kukwangua mchanga uliomwagika kwenye shimo. Umeme ulikuwa umezimwa kabisa, hilo naapa. Fundi alikuwa anarekebisha breki ya winchi. Akalegeza nati moja tu. Ndoo ikaja. Bega langu la kushoto mpaka leo halipandi juu ya sikio.

Siku ile hakuna aliyekosea umeme. Mkiongea umeme umeme, kuna mtu atazima umeme vizuri sana na kuingia chini ya ndoo.

#13 Babu_wa_Greda
#12 pole sana ndugu yangu. Hayo ndiyo niliyokuwa nasema. Ndoo ishushwe mpaka chini kabisa. Ikibidi ibaki juu, kuna pini au kulabu za kuishikilia kwenye reli zake. Usitegemee breki, usitegemee waya. Na ngoma ipigiwe kabari za mbao pande zote mbili kabla mtu hajaingiza kichwa.

#14 Mjengo_Kisauni
Babu amepata mshirika, sasa hatutalala. Lakini Babu, "tak!" uliisahau. Zege iliyoganda haisemi tak.

#15 Babu_wa_Greda
Inasema, ikibanduka. Ganda likiachia ngoma linapiga kelele kama hiyo hiyo.

#16 Zege_Kavu
Shahidi ananionesha boksi, Babu, si ngoma. Lakini alikuwa amesimama mbali na kuna mashine ya kukata nondo ilikuwa inapiga kelele. Siwezi kumtegemea, na siwezi kumpuuza.

#17 Binti_Nondo
Turudi kwenye kufuli. Mambo ya Sohar ni mazuri lakini kwetu anayeingia kwenye ngoma ni kibarua wa siku. Leo yupo, kesho hayupo. Nani anampa kufuli? Nimeona saiti ambako kufuli ni moja, ufunguo anao foremani, na vibarua watatu wako ndani. Foremani akipigiwa simu kwamba lori la simenti limefika, anafungua kwa sababu yeye ameona kazi imekwisha. Waliomo ndani hawakuulizwa.

Kwangu kanuni ni rahisi kuitamka: mwili wako ukiingia, kufuli lako linaingia. Hata kama umeajiriwa asubuhi ya leo. Stoo iwe na makufuli kumi yenye namba, kila moja na ufunguo wake mmoja. Unasaini, unachukua, unarudisha jioni. Ufunguo wa ziada usiwepo.

#18 Sohar_Mtanga
Nakubali masahihisho ya #9, asante dada. Ila kuhusu ufunguo wa ziada: je, mtu akiondoka nyumbani na ufunguo mfukoni? Huku msimamizi anaruhusiwa kukata kufuli, lakini kwa utaratibu. Kwanza ahakikishe mwenye kufuli hayupo eneo la kazi. Pili ampigie simu. Tatu, kesho yake kabla hajaanza kazi aambiwe kwamba kufuli lake limekatwa, asije akaamini bado lipo.

#19 Binti_Nondo
Na kibarua asiye na simu?

#20 Sohar_Mtanga
Hapo mashine inalala mpaka aonekane. Ndivyo ningefanya mimi.

#21 Mjengo_Kisauni
Foremani wangu angekata na grinda kabla hujamaliza sentensi. Zege imeagizwa, pampu imekodishwa kwa saa, na wewe unasema mashine ilale? Nataka usalama kama ninyi, lakini mwambieni Zege_Kavu asiahidi kitu ambacho siku ya slabu kitavunjwa mbele ya watu wale wale. Kikivunjwa mara moja, makufuli mengine yote yanakuwa mapambo.

#22 Zege_Kavu
Hilo la kufuli kukatwa nitalipeleka kwa meneja kabla ya Jumatatu, sitalisema bila jibu lake. Rasimu mpya hii hapa. Nimeisoma kwa sauti, dakika nne:

"Jamani, habari za asubuhi. Leo naongea mikisa tu. Wiki tatu zilizopita ngoma iligeuka mwenzetu akiwa ametoka sasa hivi. Lebo ilikuwepo. Breka ilikuwa imeshushwa. Mimi na ninyi tuliamini mashine imekufa, na haikuwa imekufa.

Kuanzia leo, anayeingiza mwili kwenye ngoma au chini ya ndoo, awe fundi, awe kibarua wa leo leo, anafuata hivi. Mwendeshaji anamwaga ngoma, anazima. Ndoo inashuka mpaka chini. Fundi umeme anazima breka kubwa ya mikisa, si ndogo, na anafunga mlango wa boksi. Kila anayeingia anapachika kufuli lake hapo na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Lebo inaandikwa jina, kazi na saa. Lebo nyingine inakwenda kwenye wenzo wa jenereta.

Kisha tunasogea nyuma wote, na mwendeshaji anabonyeza kijani mbele ya macho yetu. Ikigeuka, hakuna anayeingia. Isipogeuka, fundi anapima, ngoma inapigiwa kabari, ndipo mtu anaingia.

Lebo inaongea. Kufuli linazuia. Asiyeona kufuli lake, haingii."

#23 FundiPaneli
Nzuri, kibarua yule hatauliza mkaa tena. Nina mambo mawili.

Kubonyeza kijani ni lazima, lakini peke yake kunadanganya. Siku ile breka ndogo ilikuwa chini. Ungebonyeza kijani, ngoma isingegeuka, na mngepiga makofi huku volti 400 zipo. Ndiyo maana kupima hakuachwi. Fundi aanze kupima sehemu anayojua ina umeme ili aone kipimo kinafanya kazi. Apime mota, fezi na fezi, kisha kila fezi na ardhi. Halafu arudi kupima tena pale penye umeme. Kipimo kinaweza kufa katikati, na kipimo kilichokufa kinasoma sifuri kila mahali. Ile bisibisi yenye kitaa isitumike kwa kazi hii.

Pili, lebo ya katoni na waya wa nondo. Kwenye kile kifungu cha viwanda, Wamarekani wanataka kifungio cha lebo kistahimili mvuto wa kama kilo 22 na kisirudiwe kutumika. Ile mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya inatosha. Katoni yako ikinyeshewa mara moja, USIWASHE inabaki WASHE.

#24 Kibarua_Mstaafu
Ongeza pini za ndoo. Umesema ishuke chini, hukusema ikigoma kushuka. Ile ya kwangu iligoma kushuka, ndiyo maana breki ikaguswa.

#25 Zege_Kavu
Nimeongeza, mzee wangu. Ikigoma kushuka, pini zinapachikwa kwanza na hakuna mtu chini.

Jana Jumamosi tulijaribu baada ya kazi. Tulizima breka kubwa, tukapachika makufuli, fundi akapima mota: hakuna umeme. Tukasukuma ngoma kwa mikono, watu wawili. Ikiwa safi haisogei. Tukapaka rola maji, ikateleza kidogo. Siku ile kijana alikuwa amemwagia maji ili zege ilainike.

Lakini fundi alipoendelea kupima ndani ya boksi akakuta waya mmoja bado una umeme, breka zote mbili zikiwa chini. Tukaufuata. Ni wa pampu ya maji. Mtu aliuvuta moja kwa moja kutoka soketi ya jenereta siku ambayo laini ilikuwa inasumbua, na kontakta ya pampu imo humo humo kwenye boksi la mikisa.

#26 Babu_wa_Greda
Rola zilizolowa, ganda upande mmoja, mtu katoka. Sina la kuongeza.

#27 Mjengo_Kisauni
Na tak ni ya pampu! Jenereta ilipowashwa, kontakta ya pampu ikashika. Mashahidi wote wawili walisema kweli.

#28 FundiPaneli
Inawezekana. Lakini mmejaribu ngoma ikiwa safi, na siku ile haikuwa safi, kwa hiyo hamjathibitisha uzito. Na waya wa kienyeji mmoja ukipatikana, mimi natafuta wa pili. Zege_Kavu, kontakta ya mota ilifunguliwa ikaangaliwa vidomo vyake? Kama vimeungua au kuna vumbi gumu la simenti, mimi bado niko na umeme.

#29 Zege_Kavu
Haijafunguliwa. Fundi anakuja kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya hotuba. Ule waya wa pampu tumeukata na makufuli tumeyaacha palepale, langu na lake. Hotuba nitaifanyia mbele ya boksi, mlango ukiwa wazi, na swali la kwanza litakuwa lile la #11.

#30 Binti_Nondo
Ufunguo wako uko wapi sasa hivi?

#31 Zege_Kavu
Mfukoni, dada. Niko nao hapa nyumbani.